Dimensheni ya VC: uongo, kweli, na nusu kweli

Wewe unayesomea mtihani wa nadharia ya ujifunzaji umeshazisikia hadithi hizi. Zinatembea kwenye vikundi vya kusoma vya hapa Simi-Simi, zinapita karatasi kwa karatasi pamoja na fotokopi za miaka iliyopita, na nyingine husemwa kwa sauti ya uhakika na mtu aliyepata alama nzuri. Tuzipange mezani moja moja. Hukumu itatangulia, sababu zifuate.

Ili tusibaki hewani, tutatumia mfano mmoja unaojulikana kwa kila anayekula sombe. Kwa miaka kadhaa watafiti wa Uganda, wakiwamo wa maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, wamekusanya picha za majani ya muhogo na kuzipa lebo: jani zima, au lenye mojawapo ya magonjwa manne. Seti yao iliyotolewa hadharani kwa shindano la mwaka 2020 ina picha zaidi ya 21,000. Kwetu tutaunganisha magonjwa yote manne yawe lebo moja, "mgonjwa", kwa sababu dimensheni ya VC ya kawaida inahusu maswali yenye majibu mawili tu. Kila picha tutaifupisha iwe namba mbili: sehemu ya jani iliyogeuka njano, na kiasi jani lilivyojikunja. Kwa hiyo kila jani ni pointi moja kwenye ubao, na modeli yetu ni mstari mnyoofu unaotenganisha wazima na wagonjwa.

"Makosa ya mafunzo yakiwa sifuri, modeli imejifunza."

Uongo. Kanuni inayokariri kila picha na lebo yake, kisha ikasema "mgonjwa" kwa picha yoyote ngeni, ina sifuri kwenye mafunzo na haijajifunza lolote.

Kukariri unakujua tangu shule ya msingi. Kinachoulizwa kwenye mtihani ni hiki: kwa nini hesabu ya kawaida ya takwimu haitukingi hapo? Ukichukua kanuni moja uliyoiandika kabla ya kuona picha hata moja, ukaihesabia makosa kwenye sampuli ya picha `n`, ukosefu wa usawa wa Hoeffding wa mwaka 1963 unakuhakikishia kwamba makosa ya sampuli na makosa ya kweli hayatapishana sana. Tatizo ni kwamba wewe hukuchagua kanuni kabla. Uliangalia picha kwanza, ukapitia mistari mingi, ukauchukua uliofanya vizuri zaidi kwenye picha hizohizo. Huyo mshindi huenda ameshinda kwa bahati, na kadiri wagombea walivyokuwa wengi ndivyo bahati ilivyopata nafasi.

Wagombea wakiwa na idadi maalumu, tunagawanya hatari kati yao wote na kazi inaisha. Lakini mistari kwenye ubao haihesabiki. Hapo ndipo Vladimir Vapnik na Alexey Chervonenkis, wakifanya kazi Moscow, walipoingia na jibu walilolichapisha kwa ukamilifu mwaka 1971. Walisema tusihesabu mistari, tuhesabu namna tofauti ambazo mistari hiyo inaweza kuzipa lebo pointi tulizonazo. Mistari miwili inayozigawa pointi zetu sawasawa ni mgombea mmoja. Kwa pointi `n` kuna namna `2^n` za kuziwekea lebo. Familia ya kanuni ikiweza kuzitoa zote, tunasema imezisambaratisha pointi hizo. Dimensheni ya VC, `d`, ni idadi kubwa zaidi ya pointi ambazo familia inaweza kuzisambaratisha.

Ukivuka idadi hiyo, jambo zuri linatokea. Namna za kuweka lebo zinaacha kuongezeka kwa `2^n` na kuanza kuongezeka kama polinomia, zisizidi `(en/d)^d` kila `n` inapofika `d` au kuipita. Hiyo ndiyo lema inayoitwa ya Sauer, aliyeichapisha mwaka 1972. Shelah naye aliichapisha mwaka huohuo, na wenyewe Vapnik na Chervonenkis walikuwa na toleo lao. Polinomia inashindwa na kushuka kwa kasi kwa Hoeffding, na ndiyo maana kujifunza kunawezekana.

"Dimensheni ya VC ni idadi ya parameta tu."

Uongo, ingawa una ukoo na ukweli. Mstari kwenye ubao una dimensheni 3, bapa kwenye nafasi ya vipimo `k` lina `k + 1`, na hizo ni sawa na idadi ya parameta kwenye fomula. Aliyeanzisha hadithi hii aliangalia mifano ya mwanzo wa kozi akaishia hapo.

Mvunjaji wa hadithi ni kanuni yenye parameta moja tu, `w`: jani ni zima kama `sin(wx)` ni chanya, ni gonjwa kama ni hasi. Chukua pointi mbili, `x1 = 0.1` na `x2 = 0.01`. Ukitaka zote ziwe chanya, weka `w = π`. Ukitaka ya kwanza iwe hasi na ya pili chanya, weka `w = 11π`: utapata `sin(1.1π)`, ambayo ni hasi, na `sin(0.11π)`, ambayo ni chanya. Kwa kinyume chake weka `101π`, na kwa zote mbili hasi weka `111π`. Umeona mchezo? Kila pointi inayotakiwa kuwa hasi inaongeza tarakimu yake ndani ya `w`. Ongeza `0.001`, `0.0001`, na kuendelea, mbinu haichoki. Parameta ni moja, dimensheni ya VC haina mwisho.

Upande wa pili nao upo. Jenga mtandao wa tabaka kumi, kila tabaka likizidisha tu kwa matriki bila kitu kisicho cha mstari katikati. Utakuwa na maelfu ya namba za kurekebisha, lakini matriki kumi zikizidishwa hutoa matriki moja. Kwa majani yetu ya namba mbili, ukiwa umeongeza 1 isiyobadilika kwenye kila pointi, umerudi kwenye mstari uleule wenye dimensheni 3.

Kwa hiyo ukiulizwa, usihesabu herufi kwenye fomula. Uliza ni migawanyo mingapi ya pointi ambayo familia inaweza kuitoa.

"Pointi tatu zikiwa kwenye mstari mmoja haziwezi kusambaratishwa, kwa hiyo dimensheni ya mistari iko chini ya 3."

Uongo, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Sehemu ya kwanza ya sentensi ni sahihi: pointi tatu zikijipanga msururu mmoja, huwezi kuipa ya katikati lebo yake na za pembeni lebo nyingine kwa kutumia mstari mnyoofu. Kosa limo kwenye "kwa hiyo".

Fasili ya dimensheni inadai *kuwepo* kwa seti moja ya pointi inayosambaratika. Haidai kila seti isambaratike. Unaruhusiwa kuchagua mahali pa kuziweka. Ziweke kama pembe za pembetatu: namna zote nane za kuweka lebo zinapatikana, maana unaweza kukata pembe yoyote moja na kuiacha upande wake, au kuziacha zote upande mmoja. Kwa hiyo dimensheni ni 3 au zaidi.

Sasa inabidi uthibitishe kwamba si 4, na hapo sheria ya mchezo inageuka: lazima ushindwe kwa *kila* seti ya pointi nne, si kwa moja uliyoichora vibaya. Mwanafunzi akichora pointi nne, akaonyesha kwamba zile zimeshindikana na kuandika "tumethibitisha", hajathibitisha. Njia fupi ni teorema ya Radon ya mwaka 1921: pointi nne zozote kwenye ubao zinaweza kugawanywa makundi mawili ambayo magamba yake ya mbonyeo yanagusana. Gamba la mbonyeo ni umbo unalopata ukizizungushia pointi uzi na kuukaza. Ama pointi moja imo ndani ya pembetatu ya zile tatu au kwenye ukingo wake, ama nne hizo zinaunda umbo la pande nne na mishazari yake miwili inakatana. Yape makundi hayo mawili lebo tofauti. Mstari ungeyatenganisha, magamba yangebaki pande mbili tofauti na yasingegusana. Mgongano. Dimensheni ni 3, umemaliza.

Hatua hizi mbili, "ipo moja" kwa upande wa chini na "kwa zote" kwa upande wa juu, ndizo zinazotumika kila mara. Jaribu mwenyewe kwa mistatili yenye kingo sambamba na mihimili, ndani yake "mgonjwa" na nje "mzima". Jibu ni 4. Pointi nne zipange kama ncha za msalaba. Kwa tano zozote, angalia ya kushoto zaidi, ya kulia zaidi, ya juu zaidi na ya chini zaidi: mstatili ukizifunika hizo, iliyobaki haina pa kukimbilia.

"Mpaka wa ujumlishaji unakuambia makosa utakayopata."

Uongo. Unakuambia kiwango ambacho makosa hayatakipita, tena kwa hali mbaya kuliko zote. Tofauti hiyo ni kubwa, na namba zinaionyesha vizuri kuliko maneno.

Moja ya sura za mpaka zinazotumika kwenye vitabu ni hii, ambapo `R` ni makosa ya kweli, `r` ni makosa ya mafunzo, na `δ` ni uwezekano wa kwamba sampuli yenyewe ilitudanganya:

```
R ≤ r + sqrt( (8/n) * ( d*ln(2en/d) + ln(4/δ) ) )
```

Weka picha 21,000 za muhogo, mstari wetu wenye `d = 3`, na `δ = 0.05`. Ndani ya logariti ya kwanza, `2en/d` ni kama 38,056, na logariti yake 10.55. Zidisha kwa 3 upate 31.64. Ongeza `ln(80)`, ambayo ni 4.38, jumla 36.02. Zidisha kwa 8 na ugawe kwa 21,000: 0.0137. Kipeuo cha pili chake ni 0.117.

Tuseme mstari ulikosea asilimia 9 kwenye mafunzo. Mpaka unasema makosa ya kweli hayazidi asilimia 20.7, kwa uhakika wa asilimia 95. Inavutia mpaka ukumbuke jambo moja kuhusu seti ile: majani mazima ni kama asilimia 12 tu. Mtu anayefumba macho na kusema "mgonjwa" kwa kila jani anakosea asilimia 12. Kwa maneno mengine, ukiwa na picha 21,000 na modeli rahisi kiasi hiki, mpaka haujaweza hata kukuhakikishia kwamba umemshinda kipofu. Haimaanishi hujamshinda. Kwa sampuli ile ya asilimia 9, yaelekea umemshinda. Ila fomula haiujui muhogo. Imeandikwa ili isimame kwa mgawanyo wowote wa data unaoweza kuwaziwa, ukiwamo ule uliotengenezwa makusudi kukukomoa, na bima ya namna hiyo ni ghali.

Nini basi faida yake? Inakuonyesha mwelekeo. Ongeza picha mara nne, ziwe 84,000, na ile 0.117 inashuka hadi 0.062, karibu nusu. Hiyo ni tabia ya kipeuo cha pili, na ndiyo jibu sahihi la swali "nifanye nini nikitaka pengo lipungue nusu". Atakayejibu "data mara mbili" amekosa.

Halafu jaribu mtandao mkubwa ambao dimensheni yake ya VC inapita pointi 42,000, yaani `2n`. Hapo lema ya Sauer haina la kupunguza, namna za kuweka lebo zinabaki `2^(2n)`, na kipeuo cha pili kinatoka 3.33. Mpaka unakutangazia kwa heshima zote kwamba makosa hayatazidi asilimia 333. Ni kweli tupu, na haina kazi. Kwenye mtihani andika hivyohivyo: mpaka unaozidi 1 ni mtupu, lakini si uongo.

"Modeli yenye uwezo mkubwa lazima iharibikiwe kwenye data mpya."

Nusu kweli. Wazee wa takwimu waliosema uanze na modeli rahisi hawakukosea: data zikiwa chache na uwezo ukiwa mkubwa, *hakuna dhamana*. Kilichoongezwa na midomo ya watu ni neno "lazima".

Jaribio lililotikisa kozi hii lilichapishwa na Chiyuan Zhang na wenzake mwaka 2017. Walichukua mtandao wa kutambua picha na seti ya CIFAR-10 yenye picha 50,000 za mafunzo, kisha wakazivuruga lebo kwa kubahatisha, hata paka akaitwa lori. Mtandao ukafika makosa sifuri ya mafunzo. Bila shaka kwenye data mpya haukuweza lolote, kwa sababu hakukuwa na lolote la kujifunza. Mtandao uleule ukipewa lebo za kweli nao hufika sifuri, lakini huo hufanya vizuri kwenye data mpya.

Fikiria hilo linavyoibana fomula yetu. Familia ni ileile, `d` ni ileile, `n` ni ileile, makosa ya mafunzo ni sifuri pande zote mbili. Fomula inatoa jibu moja kwa hali mbili ambazo matokeo yake hayafanani hata kidogo. Basi kinachozitofautisha hakimo kwenye `d`. Kimo kwenye data na kwenye kanuni ipi hasa ilichaguliwa ndani ya familia. Peter Bartlett alikwisha kudokeza hilo mwaka 1998 alipothibitisha kwamba kwa mitandao ya neva, ukubwa wa uzito wa viungo unaweza kuwa na maana kuliko idadi yake. Kwa nini mafunzo ya kawaida huelekea kuchagua kanuni nzuri kati ya nyingi zinazokariri, hilo bado linagombaniwa.

Swali likija kwa sura ya "je, jaribio la Zhang limeubatilisha mpaka wa VC?", jibu ni hapana. Teorema haijaguswa. Limeonyesha tu kwamba teorema hiyo haitoshi kueleza tunachokiona.

"Dawa ni kuweka data pembeni na kupima mwisho."

Kweli, kwa masharti mawili. Huu ni ushauri wa kale kuliko kozi yenyewe, na hesabu iko upande wake.

Weka pembeni picha 2,000 ambazo modeli haitaziona. Modeli ikishakamilika, kwa picha hizo inageuka kuwa kanuni moja iliyochaguliwa kabla, na Hoeffding anarudi kazini: `sqrt(ln(2/δ)/(2n))` inatoa 0.030. Hakuna `d` popote. Mstari au mtandao wa mamilioni ya parameta, pengo ni pointi tatu za asilimia, kutoka kwenye picha 2,000 tu. Linganisha na 0.117 iliyotudai 21,000.

Sharti la kwanza: usizirudierudie. Ukijaribu modeli 50 kwa picha hizohizo na kumtangaza mshindi, umerudi kwenye wagombea na bahati. Weka `ln(100/δ)` mahali pa `ln(2/δ)` na 0.030 inakuwa 0.044. Bado si mbaya, ilimradi uhesabu majaribio yote, hata yale uliyoyafuta kwa aibu.

Sharti la pili ndilo watu hulisoma haraka kwenye ukurasa wa kwanza wa silabasi na kulisahau: sampuli zitoke kwenye mgawanyo uleule, kila moja bila kutegemea nyingine. Mipaka yote tuliyoandika inasimama juu ya hilo. Picha za Uganda zilipigwa kwa mbegu za kule, mwanga wa kule na magonjwa kwa uwiano wa kule. Modeli iliyofunzwa nazo ukiileta kwenye shamba la Simi-Simi, hakuna fomula kati ya hizi inayoizungumzia, iwe ya VC au ya Hoeffding. Dalili yake ni rahisi kuiona: makosa kwenye picha za pembeni za Uganda yanabaki madogo, na makosa kwenye majani ya hapa yanapanda kupita pengo ambalo Hoeffding angeliruhusu.

Kuthibitisha hilo hakuhitaji data nyingi. Picha 300 za hapa zikipewa lebo na mtu anayeyajua magonjwa ya muhogo zinakupa pengo la 0.078. Ikiwa kule modeli ilikosea asilimia 10 na hapa inakosea asilimia 30, bahati peke yake haielezi. Ila picha 300 za majani ya mashina matano si sampuli 300. Majani ya shina moja mara nyingi yana hali moja, na `n` uliyonayo iko karibu zaidi na tano. Pita shamba hadi shamba, chukua shina moja kwa kubahatisha na jani moja kwenye kila shina, na uandike shamba lipi, kwa sababu atakayesahihisha karatasi yako akiuliza `n` ni ngapi, hapo ndipo jibu litakapotoka.